Mgeni Njoo, Wiki ya Pili ya Desemba

Mimi ni mtu wa hasira za haraka na mipango ya polepole, na mambo haya mawili hayajawahi kupatana ndani yangu. Nalisema mapema ili usije ukanionea huruma mahali nisipostahili.

Nilirudi Mombasa mwezi wa pili, baada ya kampuni ya matangazo iliyoniajiri Nairobi kupunguza watu. Miaka tisa nilikuwa nikiandika maneno ya kuuzia sabuni, bima na maziwa ya unga. Mamangu nilimkuta pale pale nilipomwacha, Ndia Kuu, kwenye kiduka chake cha leso, vikoi na vitambaa vya madera, amekaa kwenye kiti cha plastiki, miwani imemshukia puani. Akanitazama mimi bintiye juu mpaka chini.

"Haya," akasema, "wamekuchoka?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa makaribisho.

Ng'ambo ya njia, hatua sita ukienda moja kwa moja na kumi ukikwepa pikipiki, kuna duka la ushoni la mama mdogo. Si mama mdogo wa damu. Yeye na mamangu walifungua milango yao mwaka mmoja, wote wawili wake wapya, na tangu siku hiyo kazi yao ni moja, iliyopitiwa na barabara katikati. Mamangu huuza leso, yeye huzipinda. Leso huja doti, vipande viwili vimeungana, na haivaliki mpaka ikatwe na kupindwa. Kwa hiyo kila anayenunua kwetu huvuka njia. Anayetaka gauni la Idd huvuka njia. Na kila siku baada ya alasiri mamangu naye huvuka njia na chupa ya chai, wakakaa wakawasengenya watu wa mtaa mzima kwa haki na usawa.

Ramadhani ilipoingia nikajiambia hapa ndipo nitakapomwonyesha mamangu elimu niliyokwenda kuitafuta bara. Kumi la mwisho lilipoanza nikapiga picha leso nzuri nzuri, nikaandika maneno matamu juu ya Idd inayong'ara, nikaweka kwenye stetasi ya duka na kuwatumia wateja wote waliomo kwenye simu. Nilichagua siku hizo kwa sababu Nairobi tulifundishwa kwamba sikukuu ikikaribia ndipo mkono wa mtu hulegea mfukoni.

Wanawake wakaja, tena wengi. Kila mmoja akapapasa kitambaa, akageuza shingo kutazama ng'ambo, akauliza, "Yuwapokea bado?"

Hakuwa akipokea. Mama mdogo hufunga daftari lake tarehe kumi na tano ya Ramadhani, hata aje mke wa gavana. Baada ya hapo hushona aliyokwisha kuyapokea tu. Wale wanawake wakarudisha vitambaa, wakatutakia mfungo mwema, wakaenda zao.

Mamangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Umewaita watu karamuni," akasema, "sufuria zishaoshwa."

Niliona haya, na haya yakigeuka kwangu huwa ukaidi. Idd ilipopita nikanunua karatasi nne kubwa za manila, nikaziunga kwa gundi, nikazibandika kwenye ukuta wa nyuma ya duka. Nikapiga mistari hamsini na miwili, kila wiki mstari wake. Kwanza niliandika siku zenyewe: shule zinapofungua, Siku ya Akina Mama, Idd zote mbili, Maulidi, miezi ya harusi, wageni wa bara wa Desemba, na zile siku za mwisho wa mwezi watu wa bandarini wanapolipwa. Kisha kutoka kila siku nikahesabu kurudi nyuma, kwa sababu maneno ya tangazo hayazaliwi asubuhi ya sikukuu.

Idd ndogo ndiyo iliyonifundisha hesabu. Siku ya kuanzia si Idd, ni siku ya daftari kufungwa. Wateja wapewe wiki tatu za kununua na kuvuka njia: basi tangazo litoke wiki ya mwisho ya Shaabani, ile ya karamu za kuvunja jungu kabla ya saumu, watu wakiwa bado wana furaha na tumbo limejaa. Mchora mabango ana wiki yake moja, na picha hupigwa wiki hiyo hiyo. Kabla yake kuna wiki mbili za maneno, moja ya mimi kuyaandika na moja ya mamangu kuyakataa. Kwa hiyo maneno ya Idd huanza kuandikwa mwanzo wa Shaabani, miezi miwili kabla watu hawajaswali. Nilipoliona hilo kwenye karatasi nilijihisi nimegundua bara jipya. Kwenye mstari wa nusu ya Ramadhani nikaandika kwa penseli nyekundu: FUNDI AFUNGA DAFTARI.

Sikukuu zetu niliziandika kwa penseli. Hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na hata ukishahesabu, mwezi una hiari yake. Krismasi na kufungua shule niliziandika kwa wino.

Mamangu alikuja akasimama mbele ya karatasi, mikono nyuma.

"Na Mfungo Sita iko wapi?"

"Hii hapa, mama. Maulidi. Nimeiandika Agosti."

"Agosti ni ya nani? Andika Mfungo Sita."

Hapa kwetu wazee huhesabu miezi tangu saumu ilipokwisha. Mwezi wa Idd ndogo ni Mfungo Mosi, wa Idd kubwa Mfungo Tatu, wa Maulidi Mfungo Sita. Nikaandika zote mbili, kwa amani ya nyumba. Amani hiyo nililipia kwa mzee mmoja wa chapa wa mtaa wa Buxton, mtu wa bara, Mkristo mpole aliyestaafu reli na kununua mashine ya kuchapishia. Mwezi wa nne nilimwagizia vikaratasi vya kufungia kwenye vikoi, nikamwambia nivipate wiki mbili kabla ya Mfungo Tatu. Nilipokwenda kuvichukua hakuwa amekata hata karatasi moja.

"Si umesema mwezi wa tatu, mama?" akasema, kwa upole ulionikata maini. "Nikahesabu mpaka Machi ya mwakani. Nikasema, huyu mama anajipanga kweli."

Idd kubwa tukauza vikoi bila vikaratasi. Mamangu akaniliwaza kwamba tangu Mombasa iumbwe hakuna mwanamume aliyekwenda kuswali na kikaratasi.

Lakini mengine yote, wallahi, yalikwenda. Siku ya Akina Mama tulitangaza wiki tatu mapema, na mabinti wanaofanya kazi mbali wakatuma maagizo wakiwa huko huko. Msimu wa harusi maneno yalikuwa tayari kabla ya maharusi kukubaliana. Mama mdogo alikuwa akiniita kutoka mlangoni kwake, "We mwenye karatasi! Wiki hii naletewa watu wangapi?" nami namjibu kwa kujidai, "Tayarisha uzi, ma'mdogo!" Nikaanza kutembea Ndia Kuu kama mtu aliyeijenga.

Sasa twaja kwenye Desemba.

Shule zikifunga, watu wa bara huteremka pwani na watoto wao, hutazama ngome, halafu hupita kwetu wakishangaa milango ya nakshi na kuuliza bei ya kila kitu. Hao ni wanunuzi wa vikoi, na vikoi huagizwa mapema, na vikaratasi vya mzee wa Buxton sasa nilivipa mwezi mzima. Kwa hiyo maneno ya wageni niliyaandika wiki ya nne ya Oktoba. Nilitafuta kitu kifupi, cha kwetu, chenye ukarimu, kitakachokaa vizuri kwenye bango na kwenye kikaratasi. Nikaandika: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

Mamangu aliyasoma Novemba. Ndiyo maneno pekee ya mwaka mzima ambayo hakuyakataa. "Haya," akasema, "hata mamangu alikuwa akiyasema." Mzee wa chapa akachapa. Wiki ya kwanza ya Desemba mchora mabango akaandika kwa rangi ya kijani, herufi za shibiri nzima, akaliegemeza bango kwenye ukuta wa kichochoro likauke, kila mpita njia akalisoma. Jumatatu ya wiki ya pili, saa mbili asubuhi, kama karatasi ilivyoamuru, nikalitundika juu ya mlango. Lilitazama moja kwa moja duka la mama mdogo, kwa sababu hakuna pahali pengine pa kutazama. Nikapiga picha, nikaweka kwenye stetasi, nikawatumia wateja wote.

Nisichokijua mimi, kilichojulikana na Mombasa nzima, ni kwamba Jumapili baada ya magharibi mume wa mama mdogo alirudi nyumbani na mke wa pili. Amemwoa Kisauni kimyakimya wiki iliyotangulia, na sasa amemleta na masanduku yake, amemweka ghorofa ya juu, juu ya cherehani ya mwenzake.

Mimi niko kwenye kiti, nafurahi. Watu wanalisambaza tangazo langu! Miaka tisa Nairobi hakuna mtu aliyewahi kumpelekea mwenziwe tangazo langu kwa hiari yake. Simu yalia kila dakika. Watu wanatuma vikatuni vya kucheka machozi. Mwanamke mmoja wa Kibokoni akaandika, "Nyinyi ni hatari!" Nikamjibu, "Shukran, karibu dukani." Ole wangu. Nikamjibu hivyo!

Mamangu aliingia saa tatu, buibui limepinda, anahema.

"Teremsha."

"Niteremshe nini?"

"Teremsha, mwana wee, kabla sijakuteremsha wewe!"

Alinieleza nikiwa juu ya ngazi, na nusura nianguke. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilisoma tena herufi zangu za kijani na kila moja ikanizomea. Unajua leso zetu zina maneno, na maneno ya leso hayasomwi vivi hivi. Mwanamke akitaka kumwambia jirani yake jambo asilothubutu kulisema, huvaa leso yenye maneno hayo akapita mlangoni kwake mara mbili. Watu waliolelewa hivyo hawawezi kuliona bango la duka la leso wakadhani ni tangazo tu. Mimi ndiye niliyesahau, kwa kukaa na sabuni na bima.

Nilipofika chini, mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni kwake. Hakupiga kelele. Alimtazama mamangu, si mimi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bango limekauka wiki nzima. Mlijua kabla yangu." Kisha akaingia ndani.

Mamangu alishuka njiani hatua mbili, akarudi ndani. Miaka thelathini na sita mimi ni mwanawe na sikuwahi kumwona hivyo.

Adhuhuri jibu likatundikwa. Kwenye mlango wa mama mdogo, kwa pini nne, leso ya rangi ya zambarau: KIKULACHO KI NGUONI MWAKO. Leso yenyewe ilikuwa ya dukani kwetu. Mteja wetu wa kwanza aliyevuka njia na doti yake akarudi nayo mkononi vile vile. "Asema tukapindie huko huko tuliponunua," akatueleza, na macho yake yalikuwa na hamu ya habari zaidi kuliko ya leso. Na kwa kuwa walimwengu hawana haya, wiki ile ile watu wakaanza kumiminika kwetu wakitaka leso za kikulacho. Tukaziuza zote. Ilikuwa wiki ya mauzo mazuri kuliko zote za mwaka, na haikuwamo kwenye karatasi yangu.

Siku tatu mamangu hakuvuka njia. Chupa ya chai ilibaki juu ya rafu. Nilikwenda kando ya bahari, Mama Ngina, jioni kupunga upepo, na muuza mihogo, mtu nisiyemjua kwa sura wala kwa ukoo, akanitilia pilipili na kuuliza, "Nyinyi ndio wale wa mgeni njoo?"

Hapo nikaamua kufanya jambo la akili. Ogopa sana siku ninayoamua kufanya jambo la akili. Nilijiambia: mama mdogo anadhani tumemlenga. Nikimwonyesha kwamba maneno haya yaliandikwa zamani, kwa utaratibu, ataona hatuna hatia. Ushahidi ninao, umebandikwa ukutani. Nikaibandua karatasi yote ya hamsini na mbili, nikaikunja, nikavuka njia nayo kwapani.

"Shikamoo, ma'mdogo."

"Marahaba." Shikamoo hata adui huitikiwa.

Nikaitandaza juu ya meza yake ya kukatia. Juu, ghorofani, nyayo za mtu zikapita, nyepesi. Sote wawili tulijifanya hatukusikia.

"Tazama hapa," nikasema, nikiweka kidole. "Hii ni wiki ya nne ya Oktoba. 'Kuandika maneno ya wageni.' Hapa Novemba, 'mama asome.' Hapa mzee wa chapa. Hapa mchora bango. Umeona? Yote yalipangwa mapema. Hatukuamka Jumatatu tukakutungia!"

Akakifuata kidole changu, akaweka miwani.

"Oktoba," akasema.

"Ee! Oktoba!" nikasema kwa furaha.

"Mimi nimejua Jumapili," akasema. "Nyinyi mna Oktoba."

Nikakiondoa kidole kwenye Oktoba.

Macho yake yakashuka kwenye karatasi, mwezi kwa mwezi, bila haraka, mpaka pale penye rangi nyekundu. "Fundi afunga daftari," akasoma. "Fundi ni nani?"

"Ni wewe, ma'mdogo."

"Mimi ni fundi."

Akaikunja karatasi mwenyewe, vizuri, pembe kwa pembe kama akunjavyo nguo ya mteja, akanirudishia.

Nilipomweleza mamangu alijipiga paji la uso. "Umempelekea karatasi? Mtu kaumizwa na maandishi, wewe wamwongezea mengine, tena yenye tarehe! Wewe Nairobi ulikwenda kusoma au kusahaulishwa?"

"Basi nenda wewe!" nikamrukia. "Rafiki ni wako, mimi nahangaika, wewe umekaa!"

"Sina kosa, siendi. Miaka yote hii, leo adhani mimi ningelijua jambo kama lile na kulificha? Nilitundike juu ya mlango? Yeye ndiye aje." Akajitia kupanga vikoi vilivyokwisha kupangwa.

Krismasi ikapita, wageni wakaja wakanunua vikoi, vikaratasi vya mzee wa Buxton tumeving'oa kimoja kimoja na kuvitupa. Shule zikafungua. Ukawa mtindo wa kusikitisha: kila mnunuzi wa leso twamwelekeza kwa fundi mwengine wa mtaa wa mbali, naye atazama ng'ambo, aona cherehani inazunguka, aguna. Saa ya alasiri ilikuwa mbaya kuliko zote. Mamangu alikuwa akiinuka kitini kwa mazoea, asimame, akumbuke, akae.

Ndipo karatasi, ambayo nilikuwa nimeirudisha ukutani kwa kukosa la kufanya, ikafika mwanzo wa Shaabani. Wiki ya kuandika maneno ya Idd. Nikakaa na kalamu mbele ya hesabu yangu hodari. Tangazo, bango, maneno, yote yalining'inia kwenye siku moja ya daftari, na daftari halikuwa letu tena.

"Mama," nikasema, "tutafute fundi mwengine, tuandike siku yake hapa. La sivyo sina pa kuanzia kuhesabu."

Akatazama ng'ambo. "Idd bila yeye siiuzi," akasema. "Heri nifunge mlango, nikae nyumbani nikaange sambusa." Na sikuwa na shaka kwamba angeufunga.

Nilidhani ni hasira tu. Alasiri ilipoadhiniwa akaswali, akajaza chupa ya chai, akajitanda buibui na kuvuka njia. Hakuniambia neno.

Nilimwona kutoka kitini kwangu. Aliingia, akavuta kile kigoda chake cha siku zote, akakaa. Mama mdogo hakuinua kichwa. Mamangu akamimina vikombe viwili, akanywa chake. Cha pili kikapoa. Kabla ya magharibi akarudi na chupa nusu. Kesho yake akaenda tena. Siku ya tatu mvua ilinyesha, akaenda na mwavuli. Hakusema samahani, kwa sababu hakuwa na kosa, na hakusema sina kosa, kwa sababu maneno yalikuwa yamekwisha kutuharibikia. Siku ya nne kile kikombe cha pili kilinywewa. Mimi huku nilikuwa nimesimama nimeshika mlango, machozi yananitoka, mteja ananiuliza bei ya kikoi mara tatu.

Siku ya sita nikasikia naitwa.

"We mtungaji!"

Niliruka pikipiki mbili. Mama mdogo alikuwa ameinama juu ya cherehani, uzi mkononi, uso hauna hasira wala hauna cheko.

"Wewe si hodari wa kutunga? Mamako na mimi macho yamekwisha. Ndoo hapa unitungie uzi."

Nikapiga magoti mbele ya cherehani. Mara ya kwanza uzi ukapita kando ya sindano. Mara ya pili nikaulowesha kwa mate, ukajikunja. Juu yangu nikamsikia mama mdogo akisema, si kwangu, "Huyo aliye juu nilikuwa nishamnusa zamani. Wanaume wakinunua marashi mapya huwa si kwa ajili yetu. Lililonichoma ni wewe. Nilisema, hata yeye alijua, akaninyamazia."

"Ningelijua mimi," mamangu akasema, "wewe ungelijua kabla sijavaa viatu."

Kisha mama mdogo akapiga chafya, au akajifanya. Mara ya tatu uzi ukaingia.

"Ilete hiyo karatasi yako," akaniambia.

Nikaileta. Nikaitandaza pale pale juu ya meza ya kukatia, safari hii bila kueleza kitu. Alinitaka nimwonyeshe maneno yatakayotoka wiki ya kuvunja jungu, na sikuwa nayo, nikamwambia bado. Akasema ni bora, maana tangu sasa neno lolote kabla halijapanda mlangoni litavuka njia kwanza, siku moja kabla, alisikie yeye. Nikaongeza safu mpya kwenye kila wiki: VUKA NJIA UULIZE HABARI. Ndiyo safu inayonifaa kuliko zote, na hakuna aliyenifundisha Nairobi.

Kidole chake kikasimama kwenye nusu ya Ramadhani.

"Futa hilo 'fundi'."

"Niandike nini?"

"Mimi nina jina."

Analo jina kweli, na tangu utoto wangu sikuwahi kulitamka, kwa heshima. Nikalifuta lile neno jekundu mpaka manila ikakaribia kutoboka, nikachukua kalamu ya wino, nikaliandika jina lake lote, na la babake.

Mamangu akainama akatazama. "Wino?" akasema. "Wewe si wasema zetu ni za penseli? Na mwezi ukichelewa kuandama?"

Mama mdogo alikwisha kukanyaga cherehani. Hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Uchelewe," akasema. "Mimi niko hapa hapa."